Ziada ya Laki na Themanini: Taarifa ya Zamani Irekebishwe Lini?

Wanachuo wengi tunaoshika hesabu za vyama vyetu tunajua kufunga taarifa. Tunajumlisha, tunasaini, tunaisoma mkutanoni, watu wanapiga makofi, basi. Kazi ngumu inakuja wiki sita baadaye, pale mtu anapodai arudishiwe hela yake, au mnapogundua stakabadhi ambayo hamkuiona. Sasa hapo unafanyaje? Unarudi kubadilisha taarifa iliyokwisha kusomwa, au unaandika jambo hilo kwenye muhula huu na kuendelea?

Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Uhasibu na Biashara, na mwaka huu nipo kwenye kamati ya ukaguzi ya chama chetu cha kitivo. Nitatumia hesabu za safari yetu ya Bagamoyo ya mwezi wa kwanza, maana zilileta karibu kila aina ya tatizo hili kwa pamoja.

Muhula wa kwanza tuliufunga tarehe 28 Februari 2025. Rasimu ilionyesha michango ya safari shilingi 1,500,000, kila mtu akichanga 25,000. Matumizi yalikuwa basi 700,000, chakula 300,000, viingilio na mwongoza wageni 220,000. Ikabaki 280,000.

Tarehe 5 Machi, kabla taarifa haijasomwa, wanafunzi wanne wakaja kudai michango yao. Walikuwa wamejitoa mwezi wa kwanza kwa kuugua, siku tatu kabla ya safari, na masharti yetu yalisema anayejitoa saa 48 kabla anarudishiwa. Fedha zilitoka Machi, ndiyo, lakini deni lilizaliwa Januari, siku waliyojitoa. Na kwa kuwa taarifa ilikuwa bado mezani, hakukuwa na cha kurekebisha: 100,000 ilikatwa humo humo. Tarehe 10 Machi mkutano mkuu ukasomewa ziada ya 180,000, na ukakubali mambo mawili. Mchango wa safari ya pili ushuke hadi 22,000, na kamati ije na pendekezo la kuifanya 22,000 iwe ada ya kudumu kuanzia mwakani.

Aprili ndipo mambo matatu yakafuatana.

La kwanza dogo. Mama lishe aliyetupikia alikuwa hajaleta hesabu yake ya mwisho, kwa hiyo ile 300,000 ilikuwa makadirio. Hesabu ikaja 306,000. Hapo harudi mtu nyuma. Makadirio yalifanywa kwa nia njema na kwa taarifa zilizokuwepo. Ile 6,000 iliyozidi ni tumizi la muhula wa pili. Ukirekebisha taarifa ya zamani kila makadirio yanapotofautiana na bili, hutamaliza, na hakuna atakayeiamini taarifa yoyote unayosoma.

La pili ni tarehe 14 Aprili. Wakati wa kulinganisha daftari na salio halisi, fedha zilipungua 150,000. Kidokezo kidogo hapa kwa wanaojifunza: upungufu ukigawanyika sawasawa kwa kiwango cha mchango, usikimbilie kufikiria wizi. Angalia kwanza kama kuna watu wamehesabiwa mara mbili. 150,000 gawa kwa 25,000 ni sita. Kweli, wanafunzi sita walilipa kwa simu, muamala ukaandikwa, kisha walipoonyesha ujumbe wa malipo wakakatiwa na stakabadhi, ikaandikwa tena kama taslimu.

Hili si makadirio, ni kosa. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayohusika, IAS 8, inatenganisha haya mawili kwa swali moja: je, taarifa sahihi ilikuwepo wakati ripoti inaidhinishwa, na ingeweza kupatikana kwa juhudi za kawaida? Bili ya mama lishe haikuwepo. Miamala ya simu na kitabu cha stakabadhi vilikuwepo, tena kwenye kabati moja.

La tatu lilikuja tarehe 22. Mwenye basi, tuliyemlalamikia tangu Januari kwa kuleta gari lisilo na kiyoyozi tofauti na mkataba, akakubali kurudisha 120,000. Machi yote alikuwa amekataa. Deni unalodaiwa unaliandika likishakuwa la kweli, hata kama hujalipa. Lakini fedha unayodai kwa mtu anayekataa huihesabu mpaka akubali. Kwa hiyo 120,000 ni pato la Aprili, ingawa gari lilikuwa la Januari.

Hapo dada yetu mhazini akaleta hoja ambayo, kusema kweli, ilikuwa na nguvu. Alisema: "Imepungua laki na nusu, imerudi laki na ishirini. Tofauti ni elfu thelathini tu. Hela ya safari ya pili ipo. Tuwachanganye watu kwa nini?"

Na fedha kweli zilikuwepo. Lakini swali halikuwa kama fedha zipo. Tulijiuliza ni uamuzi gani uliegemea tarakimu ile ya zamani. Walisafiri watu 50. Kwa ziada ya 180,000, kila msafiri alibakiza 3,600, ndiyo maana kushusha mchango kwa 3,000 kulionekana salama. Kwa ziada ya kweli ya 30,000, kila msafiri alibakiza 600. Ukipunguza 3,000 hapo, safari inajiendesha kwa hasara. Fidia ya basi inaziba pengo mara moja tu. Mwakani hakuna mwenye basi atakayetuletea 120,000 nyingine. Ukizikutanisha tarakimu hizi mbili zikafutana, kila moja inaonekana ndogo, na ada mbovu inapita.

Kwa hiyo tulipima kosa peke yake, bila kulisaidia na fidia, tukakubaliana lirekebishwe. Karatasi ya Machi haikufutwa wala kung'olewa kwenye faili. Kwenye taarifa mpya tuliweka safu ya muhula wa kwanza yenye neno "imerekebishwa", michango ikisomeka 1,350,000, na maelezo chini yake: kiasi, sababu, na tarakimu zilizoguswa. Salio la kuanzia muhula wa pili nalo likashuka kwa 150,000. Kuiandika 150,000 kama tumizi la Aprili kungekuwa rahisi zaidi, lakini kungeibebesha safari ya pili mzigo usio wake.

Kitu kilichotusaidia sana kwenye jedwali la kompyuta ni kuwa na tarehe mbili kwa kila mstari: safu A tarehe ya tukio, safu B tarehe ya kuandikwa, safu C kiasi, matumizi yakiwa na alama ya kutoa. Mstari wa zamani hauguswi. Kosa linaandikiwa mstari mpya wa -150,000, tukio Januari, kuandikwa 14 Aprili. Halafu:

```
=SUMIFS(C:C,A:A,"<="&DATE(2025,2,28),B:B,"<="&DATE(2025,3,10))
```

Hii inatoa 180,000, yaani muhula wa kwanza kama ulivyojulikana siku ya mkutano. Badilisha tarehe ya pili iwe 30 Aprili, inatoa 30,000. Fidia ya basi na ile 6,000 haziingii, kwa sababu tukio lake ni la Aprili. Tarakimu zote mbili ni halali, kila moja na siku yake, na anayeuliza "mbona Machi mlisema vingine?" anaonyeshwa mistari iliyoleta tofauti.

Mkutano wa Mei uliuliza maswali kwa karibu saa nzima, mengi kuhusu wale sita. Safari ya pili ikaachwa kwenye 22,000 kwa kuwa wengi walishalipa na fedha ya kufidia ilikuwepo. Pendekezo la ada ya mwakani liliondolewa, ikabaki 25,000, na tangu hapo anayelipa kwa simu hakatiwi stakabadhi ya taslimu. Namba ya muamala ndiyo stakabadhi yake.