Dawa za Kisukari Wakati wa Daku na Futari

Mgonjwa wa kisukari aliyeruhusiwa na daktari kufunga Ramadhani asiache dawa ya mchana. Anayemeza metformini ya miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa kawaida hupangiwa kidonge kimoja wakati wa daku na viwili wakati wa futari, pamoja na chakula. Glibenklamaidi ni tofauti: huweza kushusha sukari mno mchana, hivyo daktari hupunguza dozi ya daku. Mfungaji akitetemeka, akitokwa na jasho au akichanganyikiwa, apimwe sukari. Mashine ikionyesha chini ya 3.9, afungue papo hapo kwa kitu kitamu. Wagonjwa wafike kliniki kabla ya mwezi kuandama wapangiwe ratiba.