Darasa Limekosa Watu

SWALI: Nimetangaza darasa la siku moja la kilimo cha mwani hapa Kiwengwa, ada shilingi 30,000. Nilihitaji watu 12. Wamelipa 5 tu. Niwaarifu vipi?

JIBU: Muhibu, mpigie simu kila mmoja leo hii, kabla hajapanda daladala ya kuja Kiwengwa, kisha umthibitishie kwa maandishi, na sababu uitaje bayana, kwani anayesingizia mvua hufedheheka jua likiwaka. Salamu ndefu zisiifunike habari yenyewe. Andika hivi: “Darasa la Jumamosi halitakuwapo, kwa kuwa waliojiandikisha ni 5 nasi tulihitaji 12. Chagua tarehe mpya iliyotajwa hapa chini, au urejeshewe shilingi 30,000 zote. Tujibu kabla ya Alhamisi, asiyejibu atarejeshewa.” Makato ya kutuma fedha kwa simu ni juu yako, si juu yao.

Ama tarehe, hapo ndipo wengi huteleza. Usisogeze mbele juma moja, maana darasa lako lataka bamvua, maji yakupwe mbali hata wanafunzi wavifikie vigingi na kamba. Na kwa kuwa bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku 7 baadaye utaangukia maji mafu, wala hapatakuwa na shamba la kuwaonyesha. Hesabu siku 14 au 15, uitazame na Ramadhani. Wasipotimia tena, usiahirishe mara ya pili: warejeshee wote fedha zao.