Barua ya Kupandisha Bei ya Maandazi

Mpishi anayesambaza maandazi kwenye vibanda vya chai hampandishii bei mlaji, anampandishia mfanyabiashara mwenzake. Huyo akiipokea barua atatafuta jambo moja kwanza: faida yake itapungua kiasi gani.

Kwa hiyo hesabu itangulie. Tuseme mfuko wa unga wa kilo 25 unakutolea maandazi 700. Unga umepanda kutoka shilingi 40,000 hadi 46,000, na mafuta ya kukaangia mfuko huo kutoka 45,000 hadi 52,000. Ongezeko ni 13,000. Ligawe kwa 700, utapata shilingi 18 na ushee kwa andazi, yaani karibu 186 kwa maandazi kumi. Kama kumi uliyauza 2,000, bei mpya iwe 2,200. Ukiandika 2,500 wenye vibanda watakushtukia, maana hata wao wananunua unga.

Sasa geukia upande wa mwenye kibanda. Akiuza andazi moja kwa shilingi 250, alikuwa anabaki na 500 kwa kila kumi. Sasa atabaki na 300. Kuongeza shilingi 20 kwa andazi hawezi, chenji itamsumbua. Ama aruke hadi 300, ama avumilie. Mpe wiki mbili za kuamua na kuwazoesha wateja wake.

Barua yenyewe iwe fupi:

YAH: BEI MPYA YA MAANDAZI

Ndugu mteja wetu,

Kuanzia tarehe 1 Machi, maandazi kumi yatauzwa shilingi 2,200 badala ya 2,000. Unga na mafuta vimepanda bei, na gharama yetu kwa maandazi kumi imeongezeka kwa takriban shilingi 186. Ukubwa wa andazi haubadiliki. Oda zitakazolipiwa kabla ya tarehe hiyo zitaletwa kwa bei ya zamani. Asante kwa kuendelea kununua kwetu.

Bei iko kwenye sentensi ya kwanza kwa makusudi. Ukitanguliza shukrani ndefu, msomaji anaanza kuhofia. "Hali ngumu ya uchumi" iache, kila mtu anaisema na haielezi kitu. Ile ahadi ya ukubwa ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu wapo wanaokwepa barua kwa kupunguza donge, na mwenye kibanda hulijua hilo siku ileile anapoyapanga maandazi kwenye kabati la kioo.

Ila ujue kwamba ukitaja unga na mafuta umejifunga. Vikishuka, utaulizwa. Kama huko tayari kurudisha bei, jibu lako liwe tayari mapema.

Barua ipeleke mwenyewe, usimwachie kijana wa baiskeli, kwa kuwa maswali yataulizwa papo hapo na yeye hana majibu. Anayedaiwa mpe barua hiyohiyo, lakini deni la nyuma libaki kwa bei ya siku aliyochukua mzigo, na mwambie hivyo kabla hajauliza.