SOMO LA CHANJO: KUITAMBUA CHANJO ILIYOGANDA

Somo hili linawahusu wanafunzi wa uuguzi wanaofanya mafunzo kwa vitendo katika zahanati na vituo vya afya vya Tarafa ya Shelui. Linahusu sehemu moja tu ya mnyororo baridi, nayo ni kuganda kwa chanjo.

Chanjo huhifadhiwa kituoni katika jokofu lenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Wanafunzi wengi huogopa joto, kwa kuwa kila kichupa kina kiashiria chake: mraba wa ndani ukifikia rangi ya duara linalouzunguka, chanjo haitumiki tena. Lakini kiashiria hicho hakisemi lolote kuhusu baridi. Kichupa kilichoganda usiku kikayeyuka asubuhi huonekana kizima, na kiashiria chake hubaki vilevile.

Chanjo zipi huharibika?

Chanjo ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na homa ya uti wa mgongo, ina chumvi ya alumini inayoshikilia dawa. Ndivyo ilivyo pia kwa chanjo za nimonia, pepopunda na saratani ya mlango wa kizazi. Zikiganda, chembe za alumini hushikana na kuwa mabonge, na kinga hupungua. Polio ya sindano na rota hazina alumini, lakini nazo hazipaswi kugandishwa. Chanjo za kifua kikuu, surua-rubela na polio ya matone hazidhuriki kwa kuganda. Vimiminika vya kuchanganyia ndivyo visivyopaswa kuganda.

Zoezi

Jumatatu asubuhi, muuguzi anasoma kifaa cha kurekodi joto kilichomo ndani ya jokofu. Kifaa kinaonyesha alama ya hatari: joto lilishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri, au zaidi, kwa muda wa saa moja. Kliniki ya watoto ni Jumatano. Afanye nini?

Kwanza, asitupe chanjo zote wala asiendelee kuzitumia zote. Azitenge zinazodhuriwa na baridi, aziwekee alama ya "USITUMIE", azirudishe katika joto sahihi na kumjulisha Mratibu wa Chanjo wa Wilaya, Kiomboi. Kichupa kilichokutwa kikiwa barafu hakipimwi. Kinahesabiwa kuwa kimeharibika. Polio ya sindano na rota hazipimwi kwa njia ifuatayo, hivyo husubiri uamuzi wa Mratibu.

Pili, afanye kipimo cha kutikisa kwa chanjo zenye alumini:

1. Achague kichupa kimoja cha chanjo ileile, cha mtengenezaji yuleyule na toleo lilelile. Akiandike "KIMEGANDISHWA" na kukigandisha usiku kucha hadi kiwe kigumu. Kichupa hiki ni cha kulinganishia, na hakitatumika kuchanja.
2. Jumanne akiache kiyeyuke chenyewe mezani, bila kukipasha moto.
3. Akishike pamoja na kichupa kinachoshukiwa katika mkono mmoja, avitikise kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, kisha avisimamishe mezani kwenye mwanga.
4. Atazame bila kuvigusa kwa muda usiozidi dakika 30.

Kichupa kilichogandishwa kitaonyesha mashapo yakizama upesi na maji meupe juu yake. Ikiwa kinachoshukiwa kinazama polepole kuliko hicho, chanjo haikuharibiwa na baridi. Ikiwa kinazama kwa kasi ileile au zaidi, kimeharibika. Kila toleo hupimwa na kichupa chake cha kulinganishia. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kutumia kimoja kwa matoleo mawili.

Athari kwa ratiba

Pentavalenti hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tuseme kipimo kimeonyesha uharibifu, na Jumatano mama analeta mtoto wa wiki 10. Mtoto apewe polio ya matone, ambayo ni salama. Pentavalenti isubiri shehena mpya, na kadi isijazwe kwa dozi ambayo haikutolewa. Mama aambiwe sababu na tarehe ya kurudi. Dozi ya tatu itafuata wiki nne baada ya ya pili. Ratiba haianzi upya.

Chanzo cha kuganda

Katika huduma za mkoba, chanzo cha kawaida ni vipande vya barafu vilivyotolewa kwenye friza na kuwekwa moja kwa moja katika kibebeo cha chanjo. Vinapaswa kwanza kuachwa mezani hadi kila kimoja kikitikiswa kisikike maji yakicheza ndani. Katika jokofu, chanzo ni kidhibiti kilichoongezwa baridi, au vichupa kugusa ukuta wa jokofu au sehemu ya kugandishia. Joto lisomwe asubuhi na jioni, siku za mapumziko zikiwemo.