SOMO LA AFYA: Minyoo Uzi Hutibiwa kwa Kaya Nzima, Mara Mbili

Wanakamati kadhaa wa parokia huuliza: shule yetu imejengewa vyoo vizuri, na watoto hupewa dawa ya minyoo shuleni, mbona bado usiku wanajikuna sehemu ya haja kubwa? Swali ni la haki, hata kwa mfadhili aliyechangia vyoo hivyo. Jibu ni kwamba mnyoo huyu hapiti njia ya wenzake.

Minyoo kama safura na minyoo mikubwa ya mviringo hutegemea udongo. Mayai yake hutoka na kinyesi na hukaa ardhini kwa muda kabla ya kumwingia mtu mwingine. Hapo choo husaidia sana. Minyoo uzi, yule mdogo mweupe mwenye urefu wa kama sentimita moja, hahitaji udongo. Jike hutoka usiku mtoto akiwa amelala, hutaga maelfu ya mayai kwenye ngozi kuzunguka njia ya haja kubwa, na ndipo mwasho huanza. Mtoto hujikuna, mayai huingia chini ya kucha, na kwa muda wa saa 4 hadi 6 tu yako tayari kuambukiza. Yakishikwa kwenye blanketi au mlango, hufika kinywani mwa ndugu yake. Katika nyanda za juu za Mbulu na kandokando ya mlima Hanang, ambako Juni na Julai baridi ni kali, watoto kulala wengi chini ya blanketi moja ni jambo la kawaida. Tena mayai huishi muda mrefu zaidi penye ubaridi na unyevu, hata wiki mbili au tatu.

Kipimo cha kinyesi mara nyingi hakimwoni mnyoo huyu, kwa sababu mayai hayatagwi ndani ya utumbo. Mzazi achukue tochi saa mbili au tatu baada ya mtoto kulala, atazame penye mwasho. Minyoo huonekana kwa macho. Au alfajiri, kabla mtoto hajaoga, selotepu ibandikwe hapo kisha ipelekwe kituo cha afya chenye hadubini.

Dawa ni mebendazoli, kidonge kimoja cha miligramu 100, kipimo kilekile kwa mtoto wa zaidi ya miaka miwili na kwa mtu mzima. Hutafunwa. Dawa huua minyoo lakini haiui mayai ipasavyo. Mayai yaliyobaki ndani ya nyumba yatamezwa na kuangua. Baada ya wiki mbili minyoo hiyo mipya bado kwa kawaida haijaanza kutaga. Hapo ndipo kidonge cha pili huikuta. Wengi hukosea hapa: mwasho ukikoma baada ya siku chache, cha pili husahauliwa, na mwezi mmoja au miwili baadaye watu husema dawa ni hafifu.

Tuchukue kaya ya mfano ya watu wanane: baba, mama mjamzito, bibi, watoto wanne wa miaka 3 hadi 12, na mtoto wa miezi kumi. Anayejikuna ni mmoja tu, wa miaka sita. Mara nyingi nyumba hununua vidonge sita vya miligramu 100 kwa ajili yake peke yake, kwani kwa minyoo mingine mtu mmoja hutumia sita: asubuhi na jioni kwa siku tatu. Kwa minyoo uzi, vidonge hivyo sita vinawatosha baba, bibi na watoto wanne kwa siku moja. Wakimeza Jumapili tarehe 3, sita vingine watameza Jumapili tarehe 17. Jumla ni vidonge 12. Soma kwanza kilichoandikwa kwenye pakiti, maana vipo pia vya miligramu 500, vinavyotolewa katika kampeni za shule dhidi ya minyoo ya udongo.

Mama mjamzito na mtoto mchanga hawapewi bila ushauri wa zahanati, hasa mimba ikiwa chini ya miezi mitatu. Kwao kinga ni usafi, nao wasipoufuata wataweza kuwaambukiza upya wenzao waliomeza dawa: kucha fupi, chupi usiku, kunawa sehemu hiyo kila asubuhi, na mikono kwa sabuni kabla ya kula. Asubuhi baada ya kidonge cha kwanza, shuka na nguo za kulalia zikunjwe taratibu na kufuliwa kwa maji ya moto. Zisikung'utwe ndani ya nyumba, kwani mayai hupeperuka. Maji yakiwa haba, anzeni na chupi na shuka. Blanketi lianikwe juani.

Mwasho ukirudi baada ya vidonge vyote viwili, ulizeni kwanza nani hakumeza. Mara nyingi ni baba aliyekuwa safarini, au mtoto wa jirani anayelala hapo.