Ruzuku ya Serikali kwa Mtambo: Kwa Nini Haiingii Yote Mwaka wa Kwanza

Wenzetu wa mwaka wa pili wa biashara wameomba somo juu ya swali lililowasumbua wengi katika mtihani wa muhula uliopita: serikali ikiipa kampuni fedha za kununulia mtambo, fedha hizo zinaandikwaje vitabuni? Wengi waliandika kiasi chote kuwa mapato ya mwaka ule ule zilipopokelewa. Katika somo hili tutaona kwa nini jibu hilo si sahihi, kisha tufanye hesabu ya mfano mmoja mpaka mwisho.

Mfano wetu

Tuchukue kiwanda kidogo cha maziwa nje ya mji wa Mbarara, ambacho mwaka wake wa hesabu unafungwa tarehe 30 Juni. Kiwanda kinataka mtambo wa kuchemsha na kupoza maziwa, wenye bei ya shilingi 120,000,000. Serikali inakubali kukipa ruzuku ya shilingi 48,000,000, yaani asilimia 40 ya bei. Sharti lake ni kwamba mtambo usiuzwe wala usihamishwe kabla ya miaka 5 kupita. Fedha za ruzuku zinaingia benki mwezi Aprili 2022. Mtambo unanunuliwa, unafungwa, na unakuwa tayari kwa kazi tarehe 1 Julai 2022. Unatarajiwa kufanya kazi miaka 8, na mwisho wake hautakuwa na bei yoyote.

Uchakavu wa mtambo kwa njia ya kiasi sawa kila mwaka ni 120,000,000 gawanya kwa 8, yaani shilingi 15,000,000.

Mwanafunzi aliyeingiza ruzuku yote katika mapato ataonyesha nini? Katika mwaka uliofungwa Juni 2022, kiwanda kitaonekana kimepata faida ya ziada ya milioni 48, na hali mtambo haujachemsha hata lita moja ya maziwa. Kuanzia mwaka unaofuata, uchakavu wa milioni 15 utakula faida kila mwaka kwa miaka 8 bila kitu cha kuupunguza. Wenye hisa wakitazama faida ile kubwa watataka wagawiwe. Fedha ikigawiwa, ya kulipia mtambo itatoka wapi?

Kanuni yenyewe

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 20, ambacho katika vitabu vyenu mnakiona kwa jina la IAS 20, kinasema mambo mawili ambayo lazima yashikwe kwa utaratibu wake.

La kwanza ni lini ruzuku iandikwe. Haiandikwi mpaka pawepo uhakika wa kutosha kwamba kampuni itatimiza masharti na kwamba ruzuku itapokelewa. Kupokea fedha peke yake si ushahidi kwamba masharti yatatimizwa.

La pili ni namna ya kuiingiza katika faida. Ruzuku inaingia kidogo kidogo, kwa utaratibu, katika miaka ile ile ambayo gharama iliyokusudiwa kufidiwa inaandikwa. Ruzuku ya mtambo imekuja kufidia sehemu ya gharama ya mtambo, na gharama hiyo huingia katika faida na hasara kwa njia ya uchakavu. Kwa hiyo ruzuku hufuata uchakavu hatua kwa hatua. Uchakavu ukianza, nayo inaanza. Ukisimama, nayo imefika mwisho.

Kutokana na hayo, kuipeleka ruzuku moja kwa moja katika mtaji wa wenye kampuni nako hakuruhusiwi. Wenye hisa hawakuitoa, nayo ilikuja na masharti ambayo kampuni inapaswa kuyatimiza.

Kuandika vitabuni

Aprili 2022, fedha inapoingia, nasi tuna uhakika kwamba kiwanda kitatimiza sharti:

Debiti: Benki 48,000,000
Krediti: Mapato yaliyoahirishwa 48,000,000

Akaunti hii ya mapato yaliyoahirishwa inakaa upande wa madeni katika mizania. Tarehe 30 Juni 2022 salio lake ni milioni 48 kamili, kwa sababu mtambo haujaanza kuchakaa. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaanza kuhesabu miaka tangu siku fedha ilipoingia benki, badala ya siku mtambo ulipokuwa tayari kwa kazi.

Mwaka unaofungwa 30 Juni 2023 tunaandika mambo mawili pamoja:

Debiti: Gharama ya uchakavu 15,000,000
Krediti: Uchakavu uliolimbikizwa 15,000,000

Debiti: Mapato yaliyoahirishwa 6,000,000
Krediti: Mapato ya ruzuku 6,000,000

Zile milioni 6 ni 48,000,000 gawanya kwa miaka 8. Mzigo halisi katika faida ya mwaka ni 15 toa 6, yaani milioni 9, nao utakuwa milioni 9 kila mwaka mpaka mwaka wa nane. Katika mizania ya Juni 2023 mtambo unabaki na thamani ya milioni 105, na mapato yaliyoahirishwa yanabaki milioni 42. Katika hizo 42, milioni 6 zinaonyeshwa katika madeni ya muda mfupi kwa kuwa zitaingia katika mapato mwaka ujao, na milioni 36 katika ya muda mrefu.

Ukitaka kujua kama umekosea, gawanya salio la ruzuku kwa thamani ya mtambo iliyobaki. Tulianza na 48 kwa 120, yaani asilimia 40. Juni 2023 ni 42 kwa 105, nayo ni asilimia 40. Mwaka unaofuata ni 36 kwa 90, bado asilimia 40. Uwiano ukibadilika, kuna mahali ruzuku na uchakavu vimeachana: pengine mmoja umeuhesabu kwa miezi na mwingine kwa mwaka mzima. Ikiwa mtambo una bei ya kuuzia mwishoni, itoe kwanza bei hiyo katika thamani ya mtambo, ndipo ugawanye.

Njia ya pili

Kiwango kinaruhusu pia kuitoa ruzuku katika bei ya mtambo wenyewe. Mtambo unaandikwa kwa 120 toa 48, yaani milioni 72, na uchakavu wake ni 72 gawanya kwa 8, yaani milioni 9. Faida ya kila mwaka ni ile ile. Kinachobadilika ni mizania: mali inaonekana ndogo zaidi, wala hakuna akaunti ya mapato yaliyoahirishwa upande wa madeni. Msomaji anayelinganisha viwanda viwili lazima aangalie maelezo ya hesabu ajue kila kimoja kimetumia njia gani, la sivyo atadhani kimoja kina mtambo mdogo au deni kubwa kuliko mwenzake.

Njia yoyote utakayochagua, katika taarifa ya mtiririko wa fedha ununuzi wa mtambo wa milioni 120 na upokeaji wa ruzuku wa milioni 48 huonyeshwa kila kimoja peke yake. Nazo zile milioni 6 za kila mwaka si fedha. Fedha iliingia mara moja tu, Aprili 2022. Ukianzia hesabu ya mtiririko wa fedha kwenye faida, lazima uziondoe, kama vile unavyorudisha uchakavu.

Mambo yakibadilika njiani

Tuseme baada ya miaka 3 fundi anasema mtambo utafanya kazi miaka 3 zaidi tu, wala si 5 iliyobaki. Thamani iliyobaki ni milioni 75, hivyo uchakavu mpya ni milioni 25 kwa mwaka. Ruzuku iliyobaki ni milioni 30, nayo sasa ni milioni 10 kwa mwaka. Mzigo halisi unapanda kutoka milioni 9 hadi 15. Hatugusi miaka iliyopita. Tunabadilisha inayokuja tu. Mwanafunzi anayebadilisha uchakavu akasahau ruzuku atabaki na salio la ruzuku kwa mtambo usiokuwepo tena.

Jambo zito zaidi ni kuvunja sharti. Tuchukue kwamba mtambo uliendelea na miaka yake 8, lakini mwisho wa mwaka wa nne kiwanda kikauhamishia wilaya nyingine, na serikali ikadai milioni 48 zote. Mapato yaliyoahirishwa wakati huo yana salio la milioni 24. Tunaandika:

Debiti: Mapato yaliyoahirishwa 24,000,000
Debiti: Gharama ya kurudisha ruzuku 24,000,000
Krediti: Deni kwa serikali 48,000,000

Zile milioni 24 za gharama ndizo tulizokwisha kuziingiza katika mapato kwa miaka minne, 6 kila mwaka. Zinarudi zote kwa mpigo katika mwaka mmoja. Hatufungui upya hesabu za nyuma, maana hapakuwa na kosa wakati zilipoandikwa. Ni makadirio yaliyobadilika. Tangu hapo uchakavu wa milioni 15 unabebwa bila msaada.

Mipaka ya somo hili

Kampuni inayotumia kiwango cha kampuni ndogo na za kati haifuati utaratibu huu. Sura ya 24 ya kiwango hicho inataka ruzuku iingie katika mapato pale masharti ya utendaji yanapotimizwa, na kama hakuna masharti hayo, pale inapostahili kupokelewa. Hakuna kuitandaza kwa umri wa mtambo. Kwa hiyo katika mtihani soma kwanza kampuni inatumia kiwango kipi, kabla hujaigusa kalamu.

Tena kumbuka kwamba mzigo wa milioni 9 unaficha jambo moja. Baada ya miaka 8 mtambo mwingine utahitajika, na huenda ruzuku isije. Kiwanda kilichogawa faida yote kitakuwa kimeweka vitabu sawasawa na bado kikakosa fedha za mtambo.

Zoezi

Kiwanda cha uchapaji, ambacho mwaka wake unafungwa 31 Desemba, kilipokea ruzuku ya shilingi 27,000,000 mwezi Oktoba 2022 kwa mashine ya shilingi 36,000,000. Mashine ilikuwa tayari tarehe 1 Januari 2023, itafanya kazi miaka 6, na mwishoni itauzwa kwa shilingi 6,000,000. Tafuta mzigo halisi wa mwaka 2023, na salio la ruzuku tarehe 31 Desemba 2022 na 31 Desemba 2024.

Jibu: Uchakavu ni 36 toa 6, gawanya kwa 6, yaani milioni 5. Ruzuku ni 27 gawanya kwa 6, yaani milioni 4.5; bei ya kuuzia haiigusi ruzuku. Mzigo halisi ni shilingi 500,000. Salio la 31 Desemba 2022 ni milioni 27 kamili, na la 31 Desemba 2024 ni milioni 18. Kwa kujihakikishia: mashine ina thamani ya milioni 26 tarehe hiyo, toa 6 zibaki 20, na 18 kwa 20 ni asilimia 90, sawa na 27 kwa 30 tulizoanza nazo.