Kichwa Juu ya Picha: Namna ya Kuyanusuru Maneno Yasimezwe na Usuli

Utangulizi

Kichwa cha habari kinapoandikwa juu ya picha, herufi zake hulazimika kushindana na mambo yaliyomo pichani. Karatasi tupu ina rangi moja. Picha ina mawingu, nyuso, kuta na vivuli, na kila kimoja kina mwangaza wake. Katika Kiswahili, tatizo hili lina uzito wa ziada kutokana na mofolojia ya lugha yenyewe. Kitenzi hubeba ukanushi, nafsi na wakati mwanzoni mwake, katika silabi chache tu. Tuchukulie kwamba jarida limeandika WALIMU HAWATAGOMA kwa herufi nyeupe juu ya picha ya maandamano, na silabi HA ikaangukia bango jeupe lililoinuliwa na mwandamanaji. Anayepita na kutupa jicho atasoma WALIMU WATAGOMA. Hapana kosa la sarufi wala la hijai, ila maana imepinduka.

Makala haya yanatumia mfano huo mmoja kueleza mambo matatu: ukinzani wa mwanga kati ya herufi na usuli, mahali pa kukiweka kichwa, na utando wa rangi unaotandazwa kati ya picha na herufi. Hoja kuu ni kwamba usomekaji wa kichwa hupimwa pale palipo pabaya zaidi chini ya herufi, wala si kwa wastani wa picha nzima.

Ukinzani wa mwanga

Ukinzani wa mwanga ni uwiano wa mwangaza wa herufi na mwangaza wa kilicho nyuma yake. Uwiano huo huanzia 1, ambapo herufi na usuli vina mwangaza sawa, hadi 21, yaani nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu. Mwongozo wa WCAG 2.0, uliotolewa na W3C mwaka wa 2008 kwa ajili ya kurasa za mtandao, unataka maandishi ya kawaida yafikishe angalau 4.5. Maandishi makubwa, yaani ya nukta 18 na zaidi, au nukta 14 yaliyokolezwa, yanaruhusiwa kushuka hadi 3. Vichwa vingi huingia katika kundi hili la pili.

Ifahamike kwamba tofauti ya rangi si lazima iwe tofauti ya mwanga. Herufi nyekundu kabisa juu ya kijani cha majani yaliyokolea huonekana tofauti kwa aliyezichagua, ilhali uwiano wake ni kama 1.3 tu. Ukiigeuza picha hiyo iwe ya kijivu kwenye tarakilishi, herufi hukaribia kutoweka. Jaribio hili ni jepesi na hufichua mengi.

Mahali pa kichwa

Turejelee picha yetu ya walimu. Juu kuna anga ya samawati hafifu, katikati kuna nyuso na mabango meupe, na chini kuna barabara ya lami. Herufi nyeupe juu ya anga kama hiyo hupata uwiano wa takriban 1.7, na juu ya bango jeupe hupata 1. Juu ya lami ya kijivu kilichokolea kiasi, uwiano hufika karibu 7. Kwa hivyo, kabla ya kugusa rangi yoyote, kukishusha kichwa hadi kwenye lami kumeshatatua sehemu kubwa ya tatizo, na nyuso za walimu hazikufunikwa.

Hata hivyo, maneno ya Kiswahili ni marefu. HAWATAGOMA ni neno moja lenye herufi kumi. Likikolezwa huweza kukata picha kutoka ukingo hadi ukingo, na humo njiani likapita juu ya lami, juu ya kiatu cheusi na juu ya mstari mweupe uliopakwa barabarani. Herufi tisa zitasomeka vizuri na ya kumi itapotea. Hapa ndipo utando unapohitajika.

Utando

Utando ni tabaka la rangi, aghalabu nyeusi, linaloruhusu picha ionekane kwa kiasi fulani. Uzito wake hutajwa kwa asilimia: asilimia 0 hauonekani kabisa, na asilimia 100 huificha picha yote. Swali ni uzito gani unatosha. Jibu hupatikana kwa kuchukua hali mbaya kabisa, yaani herufi nyeupe juu ya sehemu nyeupe tupu. Utando mweusi wa asilimia 42 huigeuza sehemu hiyo kuwa kijivu kinachotoa uwiano wa 3. Wa asilimia 54 hutoa 4.5. Anayezikumbuka tarakimu hizi mbili ana hakika kwamba kwenye kioo cha tarakilishi hakuna sehemu yoyote ya picha itakayomshinda.

Lakini kuitandazia picha nzima asilimia 54 kuna gharama. Nyuso za watu weusi, ambazo mara nyingi tayari zina kivuli cha jua la mchana, huzama gizani kabla ya kitu kingine chochote. Picha ya walimu isiyoonyesha walimu haina kazi ukurasani. Ndiyo sababu wasanifu wa kurasa hupendelea utando unaofifia: mzito chini penye herufi, mwepesi kadiri unavyopanda, na hatimaye hakuna.

Utando wa aina hii nao una mtego wake. Tuseme picha ina urefu wa sentimita 20, na utando umeanza kwa asilimia 60 ukingoni chini na kufifia sawasawa hadi 0 kwenye sentimita ya 10. Asilimia 42 hupatikana kwenye sentimita ya 3 tu. Ikiwa kichwa kina mistari miwili inayopanda hadi sentimita ya 5, utando hapo umebaki asilimia 30, na juu ya kitu cheupe uwiano ni kama 2.1. Mstari wa chini utasomeka, wa juu utapwaya. Dawa yake ni kuushikilia utando kwenye asilimia 60 mpaka uvuke kidogo kimo cha herufi za juu, kisha ndipo uanze kufifia. Nyuso zilizo juu zaidi hubaki na mwanga wake.

Uhakiki wa mwisho

Tarakimu hizi ni za kioo. Karatasini, hususan ya gazeti, wino mweusi si mweusi kabisa, na husambaa kidogo hadi kuziziba sehemu nyembamba za herufi nyeupe. Kwa uchapaji, basi, inafaa kutumia herufi nene zisizo na vikia, na kuuongezea utando uzito kidogo.

Kabla ya ukurasa kutolewa, upunguzwe hadi ukubwa wa kioo cha rununu, kisha usomwe na mtu ambaye hajakiona kichwa hicho. Mwandishi mwenyewe hafai kwa kazi hii. Yeye anayajua maneno tayari, na macho yake huijaza silabi iliyopotea bila yeye kutambua. Msomaji mgeni akisema WATAGOMA, mwenye ukurasa anajua ni herufi zipi za kurudia.